Kabla hujapima kelele za jeni kwa rangi mbili

Bakteria wawili waliotoka kwa seli mama moja, wakaogelea kwenye mchuzi mmoja, bado utakuta mmoja anang'aa na mwenzake amefifia. Chanzo ni uchache. Nakala za mRNA za jeni moja ndani ya bakteria mara nyingi ni za kuhesabu kwa vidole, na kila moja huzaa protini kadhaa kabla haijavunjwa. Seli iliyobahatika nakala moja zaidi inamwacha ndugu yake mbali. Tofauti hizi ndizo kelele za jeni.

Mwaka 2002 mtafiti Elowitz na wenzake walipandikiza ndani ya bakteria E. koli jeni mbili zenye promota, yaani swichi za kuwasha jeni, za aina moja, moja ya rangi ya samawati, nyingine njano. Rangi zikipanda na kushuka pamoja, sababu ni ya seli nzima, mfano wingi wa ribosomu, mashine za kutengeneza protini. Zikiachana ndani ya seli ileile, hiyo ni bahati ya kila jeni, yaani kelele za ndani. Hapa s ni mwanga wa samawati, n ni wa njano, na mabano yenye ncha ni wastani wa seli zote:

```
ndani^2 = <(s-n)^2> / (2<s><n>)
```

Kwa hiyo hakikisha mapema kwamba jeni zote mbili ziko umbali sawa na mahali DNA inapoanzia kujinakili. Ya karibu hupata nakala ya pili mapema, na utaiita bahati kumbe ni mpangilio.

Kinachosahaulika zaidi ni mwanga wa nyuma. Andaa slaidi ya bakteria walewale wasio na jeni za rangi, upime mwanga wao, kisha uutoe kwenye vipimo vyako. Chukua seli nne zenye samawati na njano hivi: 80 na 80, 120 na 120, 80 na 120, 120 na 80. Wastani ni 100, na kelele za ndani ni 0.2. Sasa acha mwanga wa nyuma wa 100 bila kuutoa: tofauti za rangi hazibadiliki, lakini wastani unakuwa 200 na kelele zinashuka hadi 0.1. Umepoteza nusu, na grafu haikuonyeshi kosa lolote.

La mwisho ni joto na saa, na hapa Dar linauma. Februari moja umeme ulikatika nikiwa na slaidi sita mezani, kiyoyozi kikazima. Slaidi ya kwanza niliipiga picha saa tatu asubuhi, ya sita karibu saa sita mchana, bakteria wakiwa wamebadilika wote kwa pamoja. Rangi zote mbili zilisogea, hivyo kelele za ndani hazikuguswa sana, ila zile za seli nzima zilivimba kwa sababu yangu mimi. Tangu siku hiyo natengeneza slaidi moja moja, seli zikiwa bado zinakua kwa kasi, na kabla ya kuchanganya takwimu naandika wastani wa kila slaidi pembeni mwa saa yake. Wastani ukipanda ngazi kwa ngazi kufuata saa, siku hiyo naanza upya.