Ujumbe wa "akaunti inatumika kwenye kifaa kingine": namna ya kumtafuta anayehesabiwa

Somo hili linahusu ule ujumbe unaojitokeza unapobonyeza kucheza filamu au wimbo, ukakuambia kwamba akaunti yako inatumika mahali pengine. Kwenye Netflix husomeka "Too many people are using your account right now", na kwenye Spotify muziki husimama kwa sababu kifaa kingine kimeanza kucheza kwa akaunti hiyohiyo. Wengi wetu hapa Mwanza tukiuona hukimbilia kubadilisha nywila, tukidhani tumeibiwa. Naomba hatua hiyo iwe ya mwisho, kwa sababu mara nyingi aliyeshika nafasi ni mtu wa nyumbani kwako, au kifaa chako mwenyewe ulichodhani umekizima.

Kinachohesabiwa ni nini

Tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kifaa kilichoingia kwenye akaunti ni jambo moja, na mkondo, yaani filamu au wimbo ambao kifaa kimoja kinaucheza sasa hivi kupitia mtandao, ni jambo lingine. Unaweza kuwa na simu nne, televisheni mbili na kompyuta moja, zote zimeingia kwenye akaunti yako, wala ujumbe huo usitokee maisha yako yote, mradi zisicheze kwa wakati mmoja zaidi ya kiwango ulicholipia. Kwa Netflix, kifurushi cha Basic kinaruhusu mkondo 1, Standard mikondo 2, na Premium mikondo 4. Kwa Spotify, akaunti moja hucheza mkondo 1 tu mtandaoni, hata kama umelipia.

Hesabu hiyo haiko ndani ya simu yako, bali iko kwenye seva ya huduma. Unapobonyeza kucheza, kifaa huomba ruhusa, seva huandika kwamba nafasi moja imechukuliwa, na kuanzia hapo kifaa hutuma taarifa kila baada ya muda mfupi kusema kwamba bado kinacheza. Ukitoka kwenye filamu kwa utaratibu wake, kifaa huaga, na nafasi huachiwa papo hapo. Umeme ukikatika, bando likiisha katikati ya kipindi, au ukichomoa waya ukutani, kifaa hakipati nafasi ya kuaga. Seva hubaki ikisubiri taarifa ambayo haitakuja, na mpaka itakapokata tamaa baada ya dakika kadhaa, inaendelea kukuhesabu kana kwamba bado unatazama. Ndiyo maana ujumbe huu hutokea sana umeme unaporudi baada ya kukatika.

Hatua za kufuata, kwa mfano wa nyumba moja ya Nyegezi

Jumamosi moja usiku, dada yangu anayekaa Nyegezi alinipigia simu. Ana kifurushi cha Netflix cha mikondo 2. Ilikuwa saa mbili, amewalaza watoto, ameshika simu yake atazame tamthilia, na ujumbe umetokea. Nilimwelekeza hivi.

Kwanza, ausome ujumbe mpaka mwisho na asibonyeze kitu. Ujumbe unaosema watu wanaotumia akaunti ni wengi mno unahusu mikondo. Ujumbe unaosema televisheni hiyo si ya kaya yako unahusu mahali akaunti inakotumika, na hatua za somo hili hazitautatua.

Pili, ahesabu watu kabla ya kuhesabu vifaa. Alimpigia mwanawe aliyeko Bukoba, naye akakiri kwamba anatazama filamu ya kumbukumbu kuhusu mpira wa zamani. Huo ni mkondo wa kwanza. Binti aliyeko hosteli Malimbe alikuwa anasoma, hajagusa kitu tangu asubuhi. Kwa hiyo kulikuwa na mkondo wa pili usio na mwenyewe. Hapo ndipo watu wengi huamua kwamba ni mwizi.

Tatu, afungue akaunti kwa kivinjari cha simu, aingie sehemu ya akaunti, kisha ukurasa unaoitwa "Manage access and devices". Ukurasa huo huorodhesha vifaa vilivyotumika karibuni, profaili iliyotumiwa, na wakati wa mwisho wa kutumika. Kifaa cha juu kabisa kilikuwa kile cha kuchomeka kilichoko nyuma ya televisheni ya sebuleni, kwa profaili ya watoto, kikiwa kimetumika usiku uleule. Dada aliapa kwamba televisheni aliizima saa moja na nusu. Alisema kweli: aliizima televisheni. Kile kifaa cha kuchomeka kinapata umeme kwenye chaja yake yenyewe ukutani, hakijui kwamba kioo kimezimwa, na kilikuwa kinaendelea kucheza katuni ndefu gizani.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu kasoro hii inaumiza mara mbili. Mbali na kushika nafasi, mkondo wa picha ya HD huweza kula hadi GB 3 kwa saa moja. Ukiona bando la ruta linaisha haraka kuliko matumizi unayoyajua, na wakati huohuo unapata ujumbe huu, anza na kifaa cha nyuma ya televisheni kabla ya kumshuku mtu yeyote. Programu yenyewe huwa inauliza kama bado unatazama, lakini huuliza baada ya vipindi kadhaa mfululizo, si mara tu unapozima kioo.

Nne, mkondo ufungwe kwa utaratibu. Hapa dada yangu alinitangulia: kabla sijamaliza kueleza, alikwenda sebuleni akachomoa chaja. Akajaribu tena simuni, ujumbe ukabaki palepale, akaniambia kwamba nimekosea. Sikuwa nimekosea. Kwa kuchomoa, alikinyima kifaa nafasi ya kuaga, na seva ikaendelea kumhesabu. Nilimwomba asubiri bila kubonyezabonyeza; baada ya dakika kadhaa tamthilia ilifunguka. Angewasha televisheni, akabonyeza kitufe cha kurudi kwenye rimoti mpaka atoke kwenye katuni na kufika kwenye orodha ya filamu, nafasi ingeachiwa mara moja. Kusimamisha kwa muda hakutoshi, kwa sababu mkondo uliosimamishwa bado unaweza kuhesabiwa.

Tano, ambayo nyumbani kwa dada hatukuihitaji, ni kutoa kifaa kisichojulikana. Kwenye ukurasa uleule unaweza kukitoa kifaa kimoja bila kuvigusa vingine. Kuvitoa vyote kwa mkupuo kunawezekana pia, ila kumbuka kwamba utalazimika kuingiza nywila upya kwenye kila televisheni, herufi moja moja kwa rimoti, na kwamba kutoka huko huenda kusitokee papo hapo kwenye kila kifaa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Ukerewe:* Shikamoo mwalimu. Mimi husafiri mara kwa mara kati ya Nansio na Mwanza kwa meli, na hupakua filamu kabla ya safari. Nikitazama melini, nyumbani wananyimwa nafasi?

Marahaba. Ukitazama kilichopakuliwa huku simu ikiwa haina mtandao, seva haina namna ya kujua, kwa hiyo hutahesabiwa. Weka simu katika hali ya ndege kabla ya kubonyeza kucheza, kwa sababu karibu na ufukwe simu hushika mtandao na kuanza kutoa taarifa. Tahadhari nyingine ni kwamba upakuaji una kikomo chake: kifurushi cha Standard kinaruhusu kuhifadhi filamu kwenye vifaa 2 tu. Kwa Spotify iliyolipiwa, unaweza kupakua kwenye vifaa visivyozidi 5, na kila kimoja kinapaswa kuunganishwa na mtandao walau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo hufungwa.

*Mwanachama wa Kirumba:* Nina saluni. Simu ya saluni inacheza muziki kwa akaunti yangu ya Spotify niliyoilipia. Kila nikipanda daladala na kufungua wimbo kwenye simu yangu, wasichana wananipigia kwamba saluni imenyamaza. Nililipia ili nini?

Ulilipia kusikiliza bila matangazo na kupakua, dada, lakini hukulipia mikondo miwili. Kwenye Spotify kifaa cha pili hakizuiwi. Badala yake hukinyang'anya cha kwanza, ndiyo maana anayekatiwa ni saluni na si wewe. Kifurushi cha familia huruhusu hadi watu 6 wanaokaa anwani moja, kila mmoja kwa akaunti yake mwenyewe. Nasisitiza hilo la mwisho, kwani nimeona familia zikilipia kifurushi hicho kisha wote wakaingia kwa barua pepe ya baba, na muziki ukaendelea kukatika vilevile. Kwa upande wa saluni, ni lazima nikwambie wazi kwamba masharti ya Spotify yanaruhusu matumizi binafsi tu, si kuchezea wateja mahali pa biashara. Sitakuelekeza namna ya kuongeza mkondo kwa ajili ya saluni.

*Mwanachama wa Igoma:* Nikirusha filamu kutoka simuni kwenda kwenye televisheni kwa Chromecast, ninahesabiwa mara mbili?

Hapana. Filamu inachezwa na kifaa cha televisheni, nayo simu hugeuka rimoti. Ni mkondo mmoja. Lakini ukizima simu, mkondo haufi, kwa sababu hauko simuni. Bonyeza kwanza kuacha kurusha.

*Mwanachama wa Buswelu:* Sisi sote tunatumia waifai moja ya nyumbani. Si tunapaswa kuhesabiwa kama mtu mmoja?

Hesabu ni ya mikondo, haijali ruta. Simu mbili kwenye waifai moja ni mikondo miwili, na kuongeza bando au kasi hakubadilishi kitu.

*Mwanachama wa Sengerema:* Kwenye orodha ya vifaa nimeona simu inayoonyesha Dar es Salaam. Sina mtu huko. Nimeibiwa?

Usiamue kwa kuangalia jina la mji. Mahali hapo hukadiriwa kutokana na anwani ya mtandao, na simu iliyoko Sengerema inaweza kuonekana iko Dar es Salaam kwa sababu tu mtandao wake unapitia huko. Linganisha aina ya simu, profaili iliyotumiwa na saa ya mwisho. Ikiwa ni simu ya aina yako, profaili yako, na saa uliyokuwa unatazama kweli, basi huyo ni wewe. Ikiwa aina ya simu huitambui na historia ya kutazama ina filamu ambazo hakuna aliyezifungua nyumbani, hapo ndipo nywila inahusika. Anza na nywila ya barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti, kwa sababu anayeishika barua pepe hiyo ataweza kuomba nywila mpya ya huduma hata baada ya wewe kuibadilisha. Kisha badilisha nywila ya huduma, na kabla hujathibitisha, hakikisha umeweka alama kwenye kisanduku cha kuvitoa vifaa vyote. Usipoiweka, aliyeingia zamani anaweza kubaki ndani.