Somo: Ujumbe wa kumwandikia mteja baada ya simu ya kwanza

Wakuu, swali ni lile lile kila mara: "Nimeongea na mteja, tumeelewana vizuri, sasa nimtumie nini?" Nimechoka kulijibu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Nazungumzia ile simu ya kumsikiliza mteja mtarajiwa, ambayo kazi yake ni kujua shida yake kabla ya bei na kabla ya kumwonyesha bidhaa. Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Unauza mfumo wa kusimamia stoo. Umeongea na meneja wa stoo wa kampuni inayosambaza vipuri, na mkurugenzi wake hakuwepo kwenye simu.

Hatua ya 1. Tuma siku hiyo hiyo. Ikishindikana, kesho yake asubuhi.

Hatua ya 2. Kichwa cha baruapepe kibebe jambo lake yeye. "Asante kwa muda wako" haimwambii kitu atakapokuwa anaitafuta wiki ijayo.

Hatua ya 3. Salamu na shukrani, sentensi moja basi. Historia ya kampuni yako usiiguse.

Hatua ya 4. Muhtasari. Hapa ndipo watu wanaharibu. Wengi huandika muhtasari kwa ajili ya yule waliyeongea naye, wakati yeye alikuwepo na anajua alichosema. Msomaji wako hasa ni mkurugenzi, atakayetumiwa ujumbe huo na meneja wake akiwa katikati ya shughuli nyingine. Kwa hiyo uandike ueleweke kwa mtu ambaye hakusikia neno hata moja: hali ilivyo sasa, inawagharimu nini, walishajaribu nini kikashindikana, na wanataka kufika wapi na lini. Tumia maneno ya mteja mwenyewe. Kama kasema "tunahangaika", usimgeuzie kuwa "changamoto za kiutendaji". Kama kasema siku 4, andika siku 4, usimpigie hesabu ya hasara ya fedha ambayo hakuitaja. Mkurugenzi atauliza hiyo namba imetoka wapi, na meneja wako atakosa jibu.

Tahadhari kubwa: kwenye simu watu hufunguka. Jamaa niliyekuwa nafanya naye kazi aliambiwa na meneja kwamba mhasibu ndiye anayekwamisha kila kitu, naye akaliweka kwenye muhtasari, kwa adabu kabisa. Ujumbe ukapelekwa kwa mkurugenzi, nakala kwa mhasibu. Simu zake hazikupokelewa tena. Kabla ya kutuma, soma kila mstari ukijiuliza: huyu aliyetajwa akiusoma, itakuwaje? Lawama igeuze iwe hali ya kazi, au iache.

Hatua ya 5. Kinachofuata. Pendekeza kitu kimoja, chenye siku na saa, na kila upande uwe na kazi yake. "Nasubiri kusikia kutoka kwako" ni kumkabidhi mteja kazi ya kukutafuta, na hataifanya. Tarehe usiitoe kichwani. Chukua siku anayoitaka yeye, kisha rudi nyuma kwa muda ambao kazi inahitaji.

Ukiunganisha yote inakuwa hivi:

> Stoo 3, hesabu moja, kabla ya 1 Oktoba
>
> Habari za mchana. Asante kwa mazungumzo ya leo. Nimeandika nilivyoelewa, naomba unisahihishe nilipokosea.
>
> Kwa sasa kila stoo ina faili lake, na kufunga hesabu za mwezi kunachukua siku 4. Ulisema, "Mteja anaambiwa kipuri hakipo, kumbe kipo stoo ya pili." Mlishajaribu kuunganisha mafaili, ikashindikana kwa sababu kipuri kimoja kina majina tofauti kila stoo. Stoo ya nne inafunguliwa 1 Oktoba, na mnataka ianze ikiwa kwenye mfumo mmoja na hizi tatu. Uamuzi wa mwisho ni wa mkurugenzi.
>
> Kusawazisha majina na kuingiza vipuri ni wiki 3, mafunzo ni wiki 2. Ili kuwahi 1 Oktoba, kazi inapaswa kuanza 27 Agosti.
>
> Napendekeza tukutane wewe, mkurugenzi na mimi, Alhamisi 7 Agosti saa 4 asubuhi, kwa dakika 40. Nitawaonyesha mfumo ukiwa na vipuri vyenu wenyewe. Kwa hiyo naomba kufikia Jumanne jioni vipuri 50 vyenye majina yanayogongana. Alhamisi inawafaa, au tuiweke Jumatatu tarehe 11, saa hiyo hiyo?

Ile orodha ya vipuri 50 ina kazi mbili. Inayafanya maonyesho yawe ya kwao, na inakupa kipimo: anayeituma ana nia, anayeipiga danadana bado hajaamua kama shida hii inamuuma.

MASWALI

Mchuuzi_Mpya: Mkuu shukrani. Naomba sampuli ya ujumbe wenyewe.

Mwandishi: Ipo juu. Soma tena.

Bint_Mauzo: Kwa nini bei haipo? Wateja wangu huuliza bei kabla ya kukata simu.

Mwandishi: Swali zuri. Akiuliza kwenye simu, mjibu, mpe kiwango cha chini na cha juu na kinachofanya ipande, kisha kiandike kwenye muhtasari kama mlivyoongea. Ninachokataa ni kuambatisha pendekezo zima la bei ambalo hakuliomba. Mkurugenzi atafungua ukurasa wa mwisho, ataona namba, na shida yenyewe hajaisoma. Pia hapo hujajua kama watumiaji ni 6 au 30, kwa hiyo bei yako ni ya kubahatisha.

Kaka_Dili: Mimi natuma "asante, karibu tena" tu na dili zinafungwa. Hizi mbwembwe za nini?

Mwandishi: Kama aliyekupigia ndiye mwenye uamuzi na pesa anayo, sawa. Mfano wangu una mkurugenzi ambaye hakuwepo. Umeusoma?

Msaka_Tonge: Akinyamaza je? Namkumbusha baada ya siku ngapi?

Mwandishi: Siku 2 au 3 za kazi. Usiandike "nakumbushia tu". Irudie tarehe yake: "Tukianza 3 Septemba badala ya 27 Agosti, stoo ya nne itafunguliwa mafunzo yakiwa yamebaki wiki moja. Bado 1 Oktoba ndiyo tarehe, au imesogea?" Swali hilo anaweza kulijibu kwa neno moja, na hata "imesogea" ni habari ya maana kwako.

Bint_Mauzo: Na Watsapu? Wengine baruapepe hawafungui.

Mwandishi: Tuma kule anakojibu, ila iwe maandishi. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu hakuna meneja atakayempelekea bosi wake.

Mzee_wa_Simu: Niongeze. Kabla ya kukata simu, msomee mteja mambo matatu uliyoyaandika, umuulize nimekosea wapi. Atakusahihisha hapo hapo. Na siku ya kikao mpangieni hapo hapo, wote mkiwa na kalenda mbele.

Mwandishi: Kweli kabisa, mzee wangu. Mimi siku naulizia hapo, ujumbe unakuja kuithibitisha tu.

Msaka_Tonge: Meneja akisema mkurugenzi hana nafasi, "nitamweleza mwenyewe"?

Mwandishi: Usimlazimishe. Muulize mkurugenzi atauliza swali gani la kwanza, kisha mwandikie jibu lake kwa mistari mitano ambayo ataipeleka kama ilivyo. Halafu omba dakika 15 za mkurugenzi baada ya kuona vile vipuri 50 vikiwa vimesawazishwa.

Mchuuzi_Mpya: Mkuu hii inafaa na kwa kuuza bima?

Mwandishi: Badilisha vipuri.