Timu mpya ikianza kuvutana na kazi ikashuka: namna ya kulitafuta swali ambalo halijajibiwa

Wiki ya kwanza na ya pili timu mpya huenda vizuri. Watu wanasalimiana, wanapeana nafasi ya kusema, kazi inatoka. Wiki ya tatu au ya nne matokeo yanashuka, na kiongozi anaanza kujiuliza kama aliwachagua watu wasiofaa. Mimi kazi yangu ni kusimamia timu zinazoundwa kwa muda maalumu, na mshuko huo nimeuona mara nyingi. Hapa naeleza ninavyoufuatilia hatua kwa hatua, kwa kutumia timu moja niliyoiongoza.

Kwanza tuelewane maneno. Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani Bruce Tuckman alipitia maandiko 50 hivi kuhusu vikundi vidogo, akaona vinapita hatua nne: kukutana, kuvutana, kukubaliana taratibu, na kutenda. Mwaka 1977 yeye na Mary Ann Jensen waliongeza ya tano, kuagana. Mwongozo huu unahusu ile ya pili, kwa sababu ndiyo inayovunja timu nyingi kabla hazijafika popote.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mvutano kweli

Matokeo yanaweza kushuka kwa sababu nyingine kabisa. Kazi ikiwa imezidi, kila mtu anachelewa kwa kiasi kinachokaribiana na kiporo kinaongezeka kwa wote. Mtu akikosa ujuzi, makosa yanarudi kwake yeye, na aina ya kosa ni ileile. Kifaa kikiharibika, kazi zote zinazopitia pale zinakwama.

Mvutano una alama zake. Kazi inarudiwarudiwa kati ya watu walewale wawili au watatu. Uamuzi uliofikiwa Jumatatu unafunguliwa upya Jumatano, na safari hii kwa maneno mengine. Kikao kinakuwa kimya, halafu kikiisha tu watu wanasimama wawili wawili kwenye korido. Hiyo ya korido naiamini kuliko zote. Watu wakiwa na la kusema na wakaona kikao si mahali pa kulisemea, ujue kuna jambo limekaa katikati yao.

Timu yangu ilikuwa na watu saba: wanne waliotoka kitengo cha kupokea simu na watatu mafundi. Kazi yao ilikuwa kujibu kwa maandishi malalamiko ya wateja, na kila lalamiko lilikuwa na jalada lake. Idadi ya malalamiko yaliyokuwa yakiingia kwa wiki haikubadilika. Majalada waliyofunga yalikuwa 40 wiki ya kwanza, 52 ya pili, 41 ya tatu na 33 ya nne. Hakuna aliyekuwa mgonjwa wala likizo, na mitambo ilikuwa ileile.

Usidanganyike na zile 52. Kwenye hatua ya kukutana watu wanakuwa waungwana mno, na bila kuambizana wanachukua kwanza majalada mepesi, yale ambayo hayamlazimishi mtu kumpinga mwenzake. Mazito yanabaki. Wiki ya tatu ndiyo yanafikiwa, na hapo ndipo watu wanagundua kwamba hawaioni kazi kwa jicho moja.

Hatua ya 2: Tafuta saa zimeenda wapi

Mwaka 1972 mwanasaikolojia Ivan Steiner aliliweka jambo hili kwa namna rahisi kukumbuka: utendaji halisi wa kikundi ni uwezo wake ukitoa kile kinachopotea watu wanapofanya kazi pamoja. Kwenye mvutano uwezo haujapungua, maana watu ni walewale na ujuzi ni uleule. Kilichoongezeka ni kinachopotea, nacho kinaweza kuhesabiwa.

Niliwaomba watu wote saba waandike kwa wiki moja, ile ya nne, kila mwisho wa siku, saa zao zimekwenda kwenye nini. Niliwapa mafungu manne tu: kazi yenyewe, kurudia kazi iliyokwisha kufanyika, kusubiri mwenzako ajibu, na vikao ambavyo havikupangwa. Niliwaahidi kwamba sitasoma jina la mtu, nitajumlisha tu, na ahadi hiyo niliitimiza. Ukiivunja mara moja, daftari la wiki inayofuata litakuwa la uongo.

Watu saba kwa saa 40 ni saa 280. Jumla zilikuja hivi: kurudia kazi saa 61, kusubiri saa 38, vikao vya ghafla saa 24. Hizo ni 123. Kwa kazi yenyewe zilibaki 157.

Sasa gawanya 157 kwa majalada 33, unapata chini kidogo ya saa 5 kwa jalada. Chukua kiasi hicho uzidishe kwa majalada 52 ya wiki ya pili, unapata karibu saa 247, ambazo zinaenea ndani ya 280. Kwa maneno mengine, mkono wa mtu haukupungua kasi hata kidogo. Hii ni hesabu ya makadirio, kwa kuwa wiki ya pili hatukuwa na daftari, lakini ilitosha kuniondolea mawazo kwamba watu wamelegea. Nilikuwa nimeshaanza kuwafikiria hivyo, na ningewakosea sana.

Hatua ya 3: Fuata kazi inayorudiwa mpaka ulikute swali

Saa zikionyesha kurudia kazi ndiko kunakokula zaidi, usiwaulize watu “kuna tatizo gani baina yenu?” Watakujibu kwa heshima kwamba hakuna. Chukua jalada moja lililorudiwa ulifuate toka lilipofunguliwa.

Nilichukua jalada lililoandikwa mara tatu. Dada mmoja wa kitengo cha simu alimjibu mteja siku ileile, akaomba radhi na kutaja sababu aliyoidhania. Fundi alipochunguza kesho yake akakuta sababu ni nyingine, akaandika barua mpya bila kumwambia. Dada akaiona, akaona amedhalilishwa mbele ya mteja, akaandika ya tatu kulainisha. Mteja mmoja, barua tatu, na mbili kati yake zinapingana.

Nilikaa na kila mmoja peke yake. Dada aliniambia, “Kaka, mteja akikaa siku mbili bila jibu anatuona hatujali. Mimi nimepokea simu zao miaka yote, nawajua.” Fundi naye: “Mkuu, siwezi kuweka jina langu kwenye sababu ambayo sijaipima.” Wote wawili walikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza: je, tunaruhusiwa kumjibu mteja kabla sababu haijajulikana? Na nyuma yake lilijificha la pili: barua ikipingwa, nani mwenye neno la mwisho?

Swali likikosa jibu, kila mtu analijibu mwenyewe kila siku, na kila jibu linagongana na la mwenzake. Hapo ndipo zilipokwenda zile saa 61. Saa 38 za kusubiri nazo zilizaliwa hapohapo: mafundi walianza kuchelewesha majibu kwa sababu walijua yatabadilishwa, na wa simu wakaacha kuuliza. Taarifa iliyokuwa ikipita bure wiki ya kwanza sasa inafichwa.

Hatua ya 4: Amua swali, usianze na watu

Hapa nilikosea, na kosa langu liligharimu siku kadhaa. Nilianza kwa kikao cha kupatanisha. Tulizungumzia kuheshimiana, watu wakapeana mikono, na asubuhi iliyofuata barua zikaendelea kugongana kama jana. Kupatana hakukujibu swali la barua.

Najua wengi hufundishwa kwamba kubishana kuhusu kazi kunaijenga timu, ila kugombana binafsi ndiko kubaya. Watafiti Carsten De Dreu na Laurie Weingart walipokusanya tafiti nyingi mwaka 2003 walikuta kwamba kwa jumla aina zote mbili ziliambatana na utendaji wa chini. Nami naona kwa nini. Ubishi wa kazi usipopewa mwisho unageuka wa mtu. Fundi aliposahihisha barua bila kusema, alikuwa anabishana kuhusu sababu ya hitilafu, lakini dada alisoma humo “hujui kazi.” Kwa hiyo kasi ya kuufunga ubishi ina uzito kuliko upole wa maneno.

Kikao cha pili kilichukua dakika 50. Niliweka maswali mawili ubaoni, bila jina la mtu, nikaomba kila upande useme unaogopa nini likiamuliwa kinyume na wanavyotaka. Tukatoka na haya: mteja anapata barua ya kwanza siku ileile, ya kukiri kwamba lalamiko limefika, bila kutaja sababu yoyote. Barua ya pili inataja sababu, inapitiwa na fundi, na inatoka ndani ya siku tatu za kazi. Wakipingana, msimamizi wa zamu anaamua siku hiyohiyo, na barua haifunguliwi tena. Tuliyaandika kwenye karatasi nusu, ikabandikwa ukutani.

Hatua ya 5: Pima tena, na usitarajie kupaa mara moja

Wiki ya tano walifunga majalada 36, ya sita 47, ya saba 58. Wiki ya tano ilinitia wasiwasi, lakini daftari lilionyesha saa za kurudia kazi zimeshuka hadi 27. Saa zinaanza kurudi kabla ya majalada, kwa sababu kiporo kizito bado kinamalizwa. Ukitazama majalada peke yake unaweza kuuvunja uamuzi mzuri kabla haujazaa.

Kama baada ya wiki mbili saa za kurudia hazijashuka, umeamua swali ambalo silo. Rudi hatua ya 3, chukua jalada jingine.

Pia usilazimishe kila timu ipite kwenye mpangilio huu. Sehemu kubwa ya maandiko aliyoyapitia Tuckman yalihusu vikundi vya tiba na vya mafunzo. Mtafiti Connie Gersick, aliyefuatilia timu 8 zenye tarehe ya mwisho na kuchapisha mwaka 1988, aliona mabadiliko makubwa yakitokea karibu na nusu ya muda waliopewa. Timu yako ikiwa na wiki nane na ikatikisika wiki ya nne, huenda unachokiona ni hicho.

Mwezi wa tatu tuliongezewa mtu wa nane. Kwa watu saba kuna jozi 21 za watu wanaopaswa kuelewana, kwa wanane zinakuwa 28, na jozi zote saba mpya zinamhusu yeye. Siku yake ya pili aliuliza kwa nini asitaje sababu kwenye barua ya kwanza kama anaijua. Yule dada ndiye aliyemchukua hadi kwenye karatasi ukutani, akamweleza hofu ya mafundi kabla ya kumweleza ya kwake.