Kichupa cha marashi: kijaze, usikibebe nusu

Ukihamishia marashi kwenye kichupa kidogo cha kupulizia kwa ajili ya safari ya ndege, kijaze karibu kifike shingoni. Kinachovujisha ni hewa iliyobaki ndani. Ndege ikiwa juu, mgandamizo wa hewa ndani yake unaweza kushuka hadi kama robo tatu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo hewa ya kichupani hutanuka kwa karibu theluthi na kuyasukuma marashi yapande mrija. Kichupa cha mililita 10 chenye marashi 5 kina hewa mililita 5, nayo inataka nafasi ya zaidi ya mililita 1.5; chenye marashi 9 inataka theluthi moja tu ya mililita. Usikifikishe ukingoni kabisa, maana spiriti iliyo ndani hutanuka kwa joto. Sehemu ya chini ya ndege ya abiria nayo hupungua mgandamizo vilevile, kwa hiyo kukificha kwenye sanduku kubwa hakusaidii.

Mbinu hii haifui dafu kama mpira wa kifuniko umechoka. Kilaze juu ya tishu usiku kucha. Ikilowa au ikinukia, kiache nyumbani. Hata kilicho kizima mimi hukitia kwenye mfuko wa plastiki wa zipu.

Na kwa mzigo wa mkononi, penye kikomo cha mililita 100 kinachohesabiwa ni ujazo wa chupa: ya 150 iliyobaki robo bado itazuiwa.