Kusoma Paneli ya Mashine ya Kufulia Iliyotoka Ujerumani

Mashine nyingi za mtumba ninazoletewa karakanani hapa Majengo zimeandikwa Kijerumani mwili mzima, na baadhi ya hizo huja kama mbovu ilhali kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma tu. Nitaeleza namna ninavyozisoma mwenyewe kabla ya kushika bisibisi.

Hatua ya kwanza: kibati, si paneli. Fungua mlango utazame ukingo wake wa ndani, ambako hubandikwa kibati chenye namba ya modeli na mahitaji ya umeme. Ukikuta 220–240 V na 50 Hz, endelea, kwa sababu umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50. Ukikuta 100 V ya Japani, au 120 V na 60 Hz za Marekani, usiichomeke; transfoma itarekebisha volti, lakini haitabadilisha hezi. Plagi ya Kijerumani yenye pini mbili za mviringo mwombe fundi aiondoe na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13. Adapta za bei rahisi nimeziona zikiyeyuka, kwa kuwa kipasha maji cha mashine hizi aghalabu huvuta wati 2,000 au zaidi.

Hatua ya pili: kirungu cha programu. Nakili kila neno kwenye karatasi pamoja na namba iliyo kando yake. *Koch-/Buntwäsche* ni pamba: *Koch* ni kuchemsha na *Bunt* ni rangi, hivyo neno ni moja lakini digrii ndizo zinazoamua. Leso ikitiwa kwenye 90 itachuja rangi. Iweke kwenye 30, au kwenye *kalt*, yaani maji baridi, ambayo mara nyingi huchorwa kama chembe ya theluji. *Pflegeleicht* ni nguo za nailoni na mchanganyiko, nazo zisizidi nusu ya pipa. *Feinwäsche* ni nguo laini, na *Wolle* ni sufu. Maneno matatu ya mwisho hayafui kabisa: *Spülen* ni kusuuza, *Schleudern* ni kukamua, na *Abpumpen* ni kutoa maji. Ukiona *U/min* karibu na 800 au 1200, hiyo ni idadi ya mizunguko kwa dakika wakati wa kukamua.

Trei ya sabuni ina alama I, II na ua. Sabuni ya kufulia hutiwa kwenye II. Kitundu cha I ni cha *Vorwäsche*, yaani ufuaji wa awali, na usipouchagua, unga uliotiwa humo utabaki pale pale na nguo zitoke bila kuonja sabuni. Ua ni la dawa ya kulainisha nguo.

Hatua ya tatu: kitufe kinachowaliza wengi. Mama mmoja wa Kongowea alinipigia simu: "Mwanangu, mashine imejaa maji, mlango haufunguki, na fundi kasema pampu imeungua." Nilipofika nilikuta taa ndogo ikiwaka kando ya neno *Spülstop*, lililochorewa karai lenye maji ndani. Nikamwambia, "Mama, pampu yako nzima, imeambiwa ingoje." Kitufe hicho huiamuru mashine isimame na maji ya suuzo la mwisho, ili nguo zisikae zimekunjamana kabla mwenyewe hajafika. Nilikizima, nikachagua *Abpumpen* na kubonyeza *Start*. Maji yakatoka, na baada ya muda mfupi mlango ukalegea.

Jaribio hilo hilo ndilo linalotenganisha amri na ubovu. Ukisikia pampu ikivuma na maji yakitoka, hakuna kilichoharibika. Ikivuma bila maji kutoka, kagua kwanza kama bomba la kutolea maji limepindika, kisha ufungue chujio, *Flusensieb*, lililo nyuma ya kifuniko kidogo chini mbele ya mashine. Humo nimetoa sarafu, pini za buibui na hata soksi ya mtoto. Subiri maji yapoe, uweke beseni na kitambaa, ndipo ulegeze taratibu. Ikiwa kimya kabisa, hapo pampu au waya zake zipimwe.

Hatua ya nne: alama ya mfereji. Taa yenye mchoro wa mfereji husema kwamba maji hayaingii ya kutosha. Kwanza hakikisha mfereji umefunguliwa na kichujio kidogo kwenye bomba la kuingizia maji hakijaziba mchanga. Lakini mashine nyingi za Ulaya zimeundwa kwa mgandamizo wa mabomba ya mji, na kiwango cha chini kinachotajwa mara nyingi ni bari 1 au nusu yake. Tangi lililo mita 3 juu ya mashine hutoa takriban bari 0.3 tu, kwa sababu kila mita 10 za kimo huleta bari moja. Katika nyumba ya namna hiyo taa itazidi kurudi hata ukibadilisha vali. Funga pampu ndogo ya kusukuma maji kati ya tangi na mashine.