Pasi ya msimu: pigia hesabu mchezaji anayekosa siku

Kwa tunaotengeneza gemu ndogo za simu hapa Unguja: msipange ngazi za pasi ya msimu, zile zinazofungua zawadi kadiri pointi zinavyoongezeka, kwa mchezaji anayeingia kila siku. Msimu wa siku 28, kazi ya siku ikiwa pointi 100 na za wiki 500, jumla ni 4,800. Weka ngazi 30 za pointi 110, yaani 3,300. Anayepotea kumi la mwisho la Ramadhani bado anamaliza. Mchezaji wa bure na aliyelipia pasi wapande kasi moja, na anayenunua siku ya 25 apewe papo hapo zawadi za ngazi alizokwisha kupita: analipia anachokiona. Hesabu huvunjika kazi za wiki zikifutika kila Jumapili. Aliyekosa wiki mbili anaishia 2,400. Zikiachwa wazi hadi mwisho, anafika 3,400.