Cheti chako kinakaa muda gani kwenye seva?

Steshenari nyingi hapa Kigoma mjini hugeuza picha ya cheti kuwa PDF kwa tovuti ya bure. Ukishalipa na kuondoka, nakala bado iko kwenye seva, yaani kompyuta ya tovuti hiyo. Kwa kawaida hufutwa yenyewe baada ya muda uliopangwa, tuseme saa moja: diski zisijae, na faili lisilokuwepo haliibiwi. Haifutwi papo hapo kwa sababu mtandao ukikatika katikati, utataka kupakua tena bila kuanza upya.

Muda huo mara nyingi huandikwa chini ya ukurasa kwenye `Privacy Policy`. Tafuta humo neno `retention` au `delete`. Kisha ipime ahadi kwa karatasi isiyo ya siri: nakili kiungo cha kupakulia, ukifungue muda ukishapita, kwenye dirisha la faragha. Faili likishuka, hawafuti. Likikataa, kiungo kimekufa, basi. Nakala rudufu inaweza kuwa bado ipo, na jina la faili pamoja na anwani yako ya IP mara nyingi hubaki kwenye kumbukumbu za seva. Ndiyo maana mimi huliita faili `a1.jpg`, si jina la mwenye cheti.